Asidi, Malai na Mama Mdogo

Mwezi wangu wa kwanza maabara nilikuwa na furaha ya kijinga. Kiwanda chenyewe kilikuwa kidogo, nyuma ya maduka ya Kansanga, kinapokea maziwa asubuhi na kuyageuza mtindi, lakini mimi nilikuwa na koti jeupe na nilikuwa na asidi. Natia mililita kumi za asidi ya salfuriki ndani ya butirometa, chupa ya kioo yenye shingo nyembamba iliyochorwa vipimo. Kisha nateremsha maziwa polepole ubavuni yakae juu ya asidi bila kuchanganyika, na juu yake mililita moja ya alkoholi ya amili, inayonuka vibaya na kukohoza watu. Naziba kwa mpira, naviringisha chupa kwenye kitambaa, natikisa. Inapata moto mkononi, maziwa yanakuwa ya kahawia, asidi inakula kila kitu ila mafuta. Dakika tano kwenye mashine ya kuzungusha, tano kwenye maji ya nyuzi sitini na tano, na mafuta yanasimama peke yake shingoni, ya manjano, ukasome asilimia. Nilichekelea kila mara. Bosi wangu, Mkenya mrefu asiyependa kelele, aliniomba nipunguze kuimba karibu na asidi.

Mtungi namba kumi na nne ulikuwa wa mama mdogo. Ndiye aliyenilea kambini kwa polisi baada ya mama yangu kufariki, mimi nikiwa bado nanyonya. Mumewe alipostaafu walihamia upande wa Lubaga, wakajenga banda la ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Alikuja kila asubuhi kwa boda, ameupakata mtungi wake, na kwa mazoea ya kambi kila mkubwa kwake alikuwa afande, bosi wangu akiwemo.

Mtungi huo ulisoma mbili nukta mbili. Sisi tulitaka tatu na kuendelea. Nikarudia, nikidhani nimekosea pipeti, na ikasoma vilevile. Kesho yake hivyo hivyo. Mara ya tatu, kwa sheria ya kiwanda, jina linabandikwa getini pamoja na kosa, na wote wanaoleta maziwa wanalisoma. Mama mdogo alikuwa mweka hazina wa kina mama kanisani. Jina lile likibandikwa, angeacha kwenda hata kusali, namjua.

Bosi alikuja na laktometa. Ukitia maziwa maji, laktometa inazama. Hii ilielea vizuri, tena juu kidogo kuliko kwenye mitungi mingine. Akachemsha maziwa kidogo, akayapoza, akadondosha iodini. Penye unga pangekuwa buluu, lakini rangi ilibaki ya iodini tu.

"Hakuna maji, hakuna unga," alisema. "Ni malai, mafuta ya juu, ndiyo hakuna. Huyu mama anaengua."

Niliweka chini chupa niliyoshika, maana mimi na hasira na asidi hatufai kukaa pamoja, halafu nikamwambia kwamba mama mdogo hajawahi kuiba hata kiberiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mashine haina mama mdogo, jambo ambalo lilinikera zaidi kwa sababu lilikuwa kweli.

Mama mdogo mwenyewe alikuwa bado getini. Bosi alimweleza kwa adabu, akimwita mama.

"Afande, mimi hapana mwizi," alisema. "Hii maziwa nakamua mimi mwenyewe. Mtu mwingine hapana gusa. Kuja uone na macho yako."

Bosi akasema sawa, atakuja leo saa kumi.

Na kweli alikuja, kwa gambuti, buti ndefu za mpira, za kuazima zilizomzidi miguu, akitembea bandani kwa kuzivuta. Mimi nilibeba chupa za sampuli. Mama mdogo alikuwa amevaa gauni la kanisani kwa ajili ya mgeni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kukamua. Ndoo ilipojaa povu alisimama, akajipangusa mikono, akamfungulia ndama. Ndama akaruka moja kwa moja kwa mama yake, mkia juu.

"Umemaliza, mama?" bosi aliuliza.

"Nimemaliza, afande."

"Mbona kiwele bado kizito?"

"Hiyo hapana yangu." Alisema kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua. "Ya mwisho ni ya mtoto. Tangu zamani mimi nafanya hivyo."

Bosi aliinama kukitazama kiwele. Halafu niliona kitu ambacho sijawahi kukiona maabara: uso wake ulianza kutetemeka, akacheka mpaka gambuti moja ikamvuka na soksi yake ikatua pale ambapo soksi haitakiwi kutua. Alimvuta ndama pembeni yeye mwenyewe, akachuchumaa, akakinga kikombe, akakamua kile kilichobaki. Kumbe alikulia kwenye ng'ombe. Tulichota sampuli moja kwenye ndoo ya mama mdogo na nyingine kwenye kile kikombe cha mwisho.

Kansanga tulifika nikiwa nimeziba chupa zote mbili kwa viganja, kana kwamba mafuta yangeruka nje. Nilitia asidi, maziwa, alkoholi. Nilizitikisa, nikaziweka kwenye mashine zikitazamana ili isiyumbe, ya ndoo huku, ya kikombe kule. Dakika tano zile nilizunguka na mimi. Tulipozitoa kwenye maji ya moto, ya ndoo ilisoma mbili nukta mbili, ileile. Ya kikombe, mafuta yalipanda shingoni mpaka nikadhani chupa ni mbovu: saba na kidogo.

"Ng'ombe anatoa maji maji kwanza," bosi alisema, akifuta macho. "Malai inashuka mwisho. Mama yako haengui. Ndama ndiye anaengua."

Nilimkumbatia. Halafu tukaachana haraka, kila mmoja akatafuta kitu cha kusafisha.

Asubuhi yake bosi alisimama getini, mbele ya watu wote na mitungi yao, akasema kwa sauti kwamba mtungi namba kumi na nne hauna wizi wowote. Akamshauri mama mdogo: ndama aanze, anyonye kiasi, halafu yeye akamue mpaka mwisho. Mama mdogo alifikiri sana, akimhurumia ndama, akakubali. Wiki hiyo mtungi wake ulisoma nne. Niliimba, na bosi hakuniomba nipunguze.

Jumapili nilikwenda Lubaga kumwonyesha mama mdogo ile namba, nimeiandika kwenye karatasi. Alikuwa amefurahi, tena anajivuna. Tukaanza kukumbuka kambini, alipokuwa na ng'ombe mmoja tu na kuwauzia askari maziwa. Walikuwa wanamlalamikia kila siku kwamba chai yao haikolei, inabaki nyeusi, naye anawajibu kwa ukali kwamba hajatia hata tone la maji. Na hakuwa ametia. Mimi nilikuwa mnene, mashavu mpaka macho hayaonekani, na majirani walishangaa yatima wa posho ya polisi ananenepa na nini.

Nikamuuliza kama yule ng'ombe wa kambini alikuwa na ndama.

"Hapana," alisema. "Ndama yake ilikufa mapema."

"Sasa ile ya mwisho ulimpa nani?"

Alinitazama mashavu, akaanza kucheka kabla hajajibu, na mimi nikacheka hadi nikalia.