Herufi ya Tano kwenye Picha ya Gongoni

Mtu aliyenifundisha kusoma ni mama mmoja wa Malindi mjini, nami wakati huo nilikuwa tayari nina cheti cha ufamasia na ndevu. Tulifanya kazi pamoja Kilifi, kwenye ghala la dawa linalohudumia zahanati na vituo vya afya vya pwani yote ile. Yeye alikuwa mfamasia mkuu, mimi msaidizi wake. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha siku nzima hakuniachia jambo lipite hivi hivi.

Kazi yetu ilianzia kwenye picha. Vituo vingi havina kompyuta, kwa hiyo muuguzi huhesabu dawa zilizobaki rafuni, huziandika kwenye daftari la akiba, hupiga picha ukurasa kwa simu yake na kututumia. Picha hizo tulizitia kwenye programu inayosoma mwandiko. Yenyewe hutoa jedwali: jina la dawa, nguvu ya kidonge, na idadi iliyobaki. Ndipo tukajua nani apelekewe nini.

Kusema kweli niliipenda ile programu kuliko baadhi ya watu niliosoma nao. Mwandiko wa wauguzi wetu mnaujua, kuku akipita na matope miguuni hamtofautishi. Lakini programu ilisoma sehemu kubwa bila taabu, na palipoishinda haikuona haya kusema imeshindwa. Tena kulikuwa na majina ambayo hata ikiyasoma vizuri iliyapaka rangi ya manjano, kwa sababu dawa zina mapacha wa majina. Iko hydralazine ya kushusha presha, iko hydroxyzine ya kuzuia mwasho. Iko chlorphenamine ya mafua, iko chlorpromazine ya wagonjwa wa akili. Ukikosea hapo hujakosea tahajia, umempa mtu ugonjwa wa mwenzake.

Mstari wa manjano ulitaka macho ya watu wawili, na hapo ndipo mama alipokuwa na sheria yake. Mimi nilisoma kwanza nikaandika nilichoona kwenye karatasi, nikaigeuza. Kisha yeye akaletewa kile kipande cha picha peke yake, bila jibu la programu na bila jibu langu, akasoma, akaandika yake. Baada ya hapo tu ndipo karatasi zikafunuliwa.

Mwanzoni niliona ni kupoteza wakati. Mimi mtu wa Kaloleni, kwetu ukishaona kitu unamwambia mwenzako, naye anakubali au anakataa, basi. Siku moja nikamwambia, "Mama, mimi nimeona ni prednisolone, wewe tazama tu kama ni sawa." Akayafumba macho kabisa, mtu mzima yule.

"Usinitajie, mwanangu. Ukishanitajia, si mimi ninayesoma tena, ni hilo jina ulilotaja linalosoma. Na mimi nikikutajia wewe ni vibaya zaidi, maana heshima itakusomea. Utaniona mkubwa, utasema ndiyo mama."

Hilo la heshima lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Huku kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya macho yake, na ni tabia njema. Ila kwenye kopo la dawa tabia njema inaweza kuua, na yeye alikuwa amelifikiria hilo kabla sisi wengine hatujaanza kazi.

Sasa picha ya kituo cha Gongoni. Ilikuja siku moja kabla ya gari la dawa kuondoka kwenda kaskazini, na gari hilo likishapita halirudi upesi. Kesho yake hiyo hiyo ilikuwa siku ya kliniki ya kifafa pale Gongoni. Nilikijua kituo kile, nilishakwenda kukagua rafu zake, na siku hiyo nikamkuta mama mmoja anayefunga magunia kwenye mashamba ya chumvi. Alikuwa na kovu la moto kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Kifafa kilimwangusha jikoni. Tangu aanze carbamazepine hakuanguka tena, na alinieleza kwa fahari kwamba mumewe sasa anamwachia mtoto mchanga mikononi bila mtu wa kumsimamia. Dawa ile haitaki kukatizwa. Mtu akiiacha ghafla, kifafa hurudi, na mara nyingine hurudi kwa hasira.

Katika ile picha, mstari mmoja ulikuwa umepakwa manjano. Jina lilianza kwa Carb, ikafuata herufi moja iliyovimba wino, kisha m, kisha mkia wa kalamu uliokimbia kama kawaida ya mtu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni. Nguvu ya kidonge ilikuwa 20 na labda sifuri nyingine, kwa kuwa hapo ukurasa ulijikunja na kivuli cha kidole kimelala juu yake. Idadi ilionekana safi, vidonge mia sita. Programu ilikataa kuamua. Iliweka uwezekano wote wawili: carbamazepine ya miligramu 200, dawa ya kifafa, au carbimazole ya miligramu 20, dawa ya tezi ya shingo. Herufi ya tano ikiwa a ni hii, ikiwa i ni ile.

Mimi sikuona kitendawili. Gongoni wagonjwa wa kifafa wako, wa tezi sikuwahi kusikia. Nikaandika carbamazepine, 200, mia sita, nikageuza karatasi yangu kwa kishindo kidogo. Kama ndivyo, Gongoni wana akiba ya kutosha na gari halina haja ya kuwabebea.

Mama akasogeza kipande cha picha dirishani. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya buibui, akaivaa tena. Akatazama mpaka nikaanza kutafuta mengine ya kufanya. Mwisho akaandika. Tulipofunua, yake ilisema carbimazole, 20, mia sita.

Nilingoja aniambie nimekosea, nami nilikuwa tayari nimeshalegea kukubali. Nilimuuliza kama basi tuandike yake, kwa kuwa yeye ndiye mkuu, akanitazama kama niliyemtukana. Alisema tukitofautiana hakuna mkubwa wala mdogo, wote wawili tumeshindwa, na picha nayo imeshindwa. Kilichobaki ni kopo lenyewe.

Akampigia simu muuguzi wa Gongoni, kijana wa kike wa kutoka bara ya Malindi, mchapakazi sana. Mimi nilikuwa karibu na simu nikaanza kusema, "Dada, ile carb..." Mama akaninyooshea kidole, nikameza maneno. Akamwamkua, akamuuliza watu wa nyumbani, kisha akamwomba aende rafuni ashike boksi la ule mstari mkononi, asitazame daftari, na asimsomee jina.

"Nisomee herufi moja moja, mwanangu, ukimaliza unisomee namba."

Herufi zikaanza kuja. Zilipofika ya tano tukasikia sauti isiyo a wala e wala i, mtandao wa Gongoni nao una mambo yake. Mama akauliza, "Ni A ya Alhamisi au I ya Ijumaa?"

"I ya Ijumaa, mama."

Namba ikawa ishirini. Muuguzi akatuma na picha ya boksi, ikathibitisha.

Kumbe hospitali kubwa ilikuwa imemwanzishia dawa ya tezi mgonjwa mmoja mpya wa Gongoni, na dawa hiyo ikapelekwa kituoni ili asisafiri mara kwa mara. Haya, carbimazole ipo. Na carbamazepine iko wapi? Mama akauliza hilo kwa sauti ile ile ya upole. Muuguzi akajibu kwamba kopo ni tupu, liliisha wiki iliyopita. Sasa mbona halimo kwenye ukurasa? Akasema, kama jambo lililo wazi kabisa, kwamba yeye huhesabu vilivyopo. Kilichoisha hakihesabiki, kwa hiyo hakukiandika.

Nikaitazama tena karatasi yangu. Ukurasa wenye dawa moja tu ya Carb, na msomaji anayejiamini kama mimi, na gari linaondoka alfajiri. Na zaidi ya hapo, kesho asubuhi angekuwepo mtu wa zamu kwenye dirisha la dawa, na mbele yake rafuni boksi moja tu la jina la kufanana. Yule mama wa chumvi angeweza kurudi kwake na vidonge visivyogusa kifafa hata kidogo, tena dawa ile ya tezi isipofuatiliwa huweza kushusha kinga ya damu. Angevimeza kwa imani, na kumshika mwanawe.

Mama hakumkaripia muuguzi. Alimwambia sifuri nayo ni hesabu, aiandike, tena kwa maandishi makubwa kuliko nyingine zote. Akamtaka aiondoe carbimazole pale ilipo aiweke rafu nyingine kabisa, na ukutani abandike karatasi ya kuonya. Akamsimulia jinsi sisi wawili tulivyotofautiana kwenye herufi moja, akamwomba pia kesho awaeleze wagonjwa ukweli wa kilichotaka kutokea, bila kuficha. Kisha tukaingia ghalani sote wawili tukatoa makopo ya carbamazepine. Mimi nikasoma lebo kimoyomoyo na kuandika, yeye akasoma na kuandika, tukalinganisha, hata kwenye kopo ambalo mtoto wa nasari angelisoma. Sikulalamika.

Ninachokistahi zaidi nilikikuta jioni. Kila mstari wa manjano huandikiwa maelezo, na ule aliuandika yeye. Nilitafuta jina langu, nikitarajia kuona kwamba msaidizi alisoma vibaya na mkuu akasahihisha, maana ndivyo ningeandika mimi kama ningekuwa yeye. Aliandika: Wasomaji walitofautiana, boksi likaangaliwa. Nilipomuuliza kwa nini hakuweka nani alipatia, alisema siku nyingine atakosea yeye, na siku hiyo anataka mimi niandike nilichoona bila kuogopa. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, na sijampata mwingine wa namna hiyo.

Gari liliondoka alfajiri likiwa na makopo. Mchana muuguzi akapiga simu. Alisema kliniki imekwisha na kila mtu amepata dawa yake, na mama wa chumvi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mtoto mgongoni. Walipoelezwa, yeye alitaka kujua ni nani kule Kilifi aliyeiona hiyo herufi. Muuguzi akamjibu kwamba hajui, ila alisikia walikuwa watu wawili na hawakukubaliana.

Yule mama akatia vidonge vyake kwenye pindo la leso, akafunga fundo, akasema, "Basi Mwenyezi Mungu awazidishie kubishana."