Harusi Iliyotangazwa Kabla ya Jibu la Posa

Mwandiko wangu ni mbaya na herufi zitanipotea hapa na pale. Shule niliishia ya msingi, na kalamu naisukuma polepole. Nivumilieni.

Barua yangu ya posa ilikuwa imepelekwa Msambweni, kwa baba wa msichana niliyempenda. Jibu lilikuwa halijarudi. Mimi nilikaa Ukunda kwenye karakana ya vitanda, nikipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba.

Binamu yangu, mwenye simu ya mtandao na haraka nyingi, akataka kujua mapema atapikia watu wangapi. Akafungua ukurasa wa harusi yetu. Simu ikamuuliza: uwe wa walioalikwa tu, au wazi kwa wote? Kwetu mwenye harusi hamfungii jirani mlango, basi akachagua wazi. Hakujua kwamba kila atakayejibu, na marafiki zake nao wataona.

Siku ya tatu baba wa msichana akasimama mlangoni pa karakana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia nina harusi."

Randa iliniponyoka. Nikaona nimeshampoteza mchumba wangu. Binamu yangu, aliyekuwa ameniletea chai, akamwonyesha simu: hawa watakuja, hawa huenda, hawa wamealikwa hawajajibu.

"Mimi niko wapi?"

"Humo, baba. Wewe hujajiunga na mtandao."

Akashuka na orodha taratibu, kisha akaisogeza simu karibu na macho.

"Huyu si mke wangu?"

Alikuwa yeye, na buibui lake, kwenye waliosema watakuja. Hakuna aliyemwalika. Shoga yake alijibu, naye akauona ukurasa. Na alipojibu yeye, jamaa zake wa Vanga wakafuata.

"Kwa hiyo Vanga nzima inajua mke wangu amekubali," akasema, "ila mimi ninayelala naye."

"Nisamehe, baba. Naufuta sasa hivi."

"Ukiufuta, wao wataona nini?"

Binamu yangu akasoma onyo kwenye simu. "Wote waliojibu wataletewa habari kwamba harusi imevunjwa."

"Weye! Usiguse hapo! Wakwe zangu watasema nimemvunjia binti yao ahadi." Akaketi juu ya kitanda ambacho sijakimaliza, akacheka mpaka kikalia. "Nawe bwana harusi, bubu? Hata hapa hukujibu."

Kweli. Jina langu lilikuwa kati ya walioalikwa wasiojibu. Niliona haya kubonyeza.

"Bonyeza nikuone," akasema.

Nikabonyeza. Siku ya pili jibu la posa likafika kwa karatasi, kama inavyotakiwa. Kitanda kile hakijauzwa, ndicho tunachokilalia.

Mama mkwe hadi leo anasema kidole kiliteleza. Nyinyi mnaosoma, niandikieni mniambie kama mnamwamini. Andikeni kwa herufi kubwa, nasoma polepole.