Mwarobaini Juu ya Kichwa Changu

Mwaka ule wa kufanya mtihani wa darasa la nne, mwalimu alinivua kitambaa mbele ya darasa zima, akaona magamba meupe kichwani, akasema nisirudi mpaka nipone. "Hayo ni mapunye. Utawaambukiza wenzako." Mtihani ulikuwa umekaribia. Aliyeukosa alibaki kwenye shamba la mzungu akichuma maua ya pareto mpaka azeeke, na mimi pareto niliichukia kama nilivyochukia uji usio na chumvi.

Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi huko Molo. Jumapili wanawake waliketi juani wakisukana nywele, kitana kimoja kikizunguka vichwa vyote. Jumapili iliyofuata kilipofika kwangu, jirani alikirudisha mapajani mwake. Tangu hapo hakuna aliyenigusa. Mama alinitandikia gunia langu peke yangu karibu na mlango, na ndugu yangu mdogo akabaki kitandani kwenye joto. Nililia sana. Nilimwonea wivu mpaka nikamtakia mabaya.

Mama alipambana. Mjomba, aliyefanya kazi ya reli, alituletea majani makavu ya mwarobaini kutoka pwani. Mama aliyachemsha mpaka maji yakawa ya kijani kibichi na machungu hata kwa kuyanusa, akayapoza, akanimwagia kichwani. Yule jirani wa kitana naye aliomba kidogo, maana alikuwa na mba ya kawaida, ile ya unga wenye mafuta inayoanguka mabegani, na kwake ilitulia. Kwangu muwasho ulipungua hadi jioni, kisha ukarudi na ndugu zake.

Bibi wa shamba, mke wa yule mzungu, aliyetoka Australia, alimpa mama kichupa cha mafuta ya mti wanaouita mti wa chai, ingawa si chai hii yetu ya kunywa. "Hii kali sana," alimwonya. "Tia matone kidogo kwa maji mingi."

Mama alikuja nacho amekificha kifuani. "Matone kidogo yataua nini?" akasema. Kwetu dawa isiyochoma haikuhesabiwa dawa. Akaninyoa kwa wembe, kisha akanipaka mafuta yale yenyewe, bila tone la maji. Nilipiga kelele hadi mbwa wa kambi wakabweka. Asubuhi kichwa kilikuwa kimevimba, chekundu, kinatoa maji. Mama alinitazama, akaketi chini kwenye udongo na kusema, "Mungu wangu, nimemuua mtoto."

Siku hiyohiyo akagundua ndugu yangu ana viraka viwili visivyo na nywele. Sikuwa na nguvu hata ya kujitetea. Kambi nzima ilijua nani amemwambukiza.

Mama aliomba ruhusa kwa bwana shamba, na baada ya siku chache tukapanda lori la viazi mpaka Nakuru. Daktari wa hospitali alikuwa Mhindi mwenye haraka, lakini katika kuchunguza vichwa vyetu hakuwa na haraka. Alianza na ndugu yangu. Nywele pembeni mwa viraka vyake zilikuwa zimekatika karibu na ngozi, zimebaki vidoa vyeusi. Alizing'oa chache kwa koleo ndogo, akaziweka chini ya hadubini. "Hii ndiyo mapunye. Ni kuvu, na imeingia ndani ya nywele. Maji ya majani hayafiki huko."

Kisha akanigeukia. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota, nzima, zikipenya katikati ya magamba mazito. Alizitazama chache kwa hadubini, hakuona kuvu. "Vua sweta."

Molo ni baridi; sweta halikunitoka mchana wala usiku. Viwiko vyangu vilikuwa na magamba yaleyale, meupe ya kung'aa. Mama alikuwa akiyaona nikioga, akidhani ni ukavu wa baridi.

"Huyu si kuvu. Ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi tu. Haiambukizi mtu. Itakuja, itaenda, pengine maisha yote. Kuvimba huku ni mafuta mliyompaka."

"Sasa huyu mdogo alitoa wapi?" mama aliuliza.

"Nyinyi mnatumia kitana kimoja?"

Mama aliitikia kwa kichwa. Daktari alisema ndugu yangu ameze vidonge na kupakwa marhamu, asichangie kitana wala kofia, na akae nyumbani mpaka apone. Mimi nikapewa mafuta mengine ya kulainisha magamba, ya kutumia uvimbe ukishaisha, na ruhusa ya kurudi darasani.

Usiku ule ndugu yangu ndiye aliyetandikiwa gunia mlangoni. Nilipanda kitandani, kwenye lile joto nililolililia, nikamsikia akiuliza gizani amekosa nini. Nilitaka kumjibu, lakini mama alikuwa ameweka kiganja chake kichwani pangu kwa mara ya kwanza tangu mwalimu anivue kitambaa, na niliogopa nikisema neno atakiondoa.