Bando Limejaa, Meseji Zinagoma

Hii habari inanionyesha mimi ni mjinga, na nimeona niiseme mwenyewe kabla katibu wetu hajaisema, maana yeye akiisimulia huwa anaigiza na sauti yangu.

Mimi ni mtu wa Lituhi, ziwani. Shule niliishia darasa la saba. Nilipanda Mbinga kutengeneza simu, na kwa kuangalia video usiku na mchana nikajifunza kuandika programu ndogondogo za kompyuta. Chama kimoja cha wakulima wa kahawa kikaniita niwatengenezee namna ya kuwatumia wanachama meseji. Nikajiunga na kampuni inayouza meseji kwa jumla. Wenyewe wana mlango kwenye mtandao wanaouita API: programu yangu inabisha hodi, inakabidhi namba na ujumbe, wao wanafikisha kwenye simu ya mkulima. Tulinunua bando la mwezi la meseji elfu ishirini. Wanachama walikuwa elfu mbili. Hesabu hiyo hata darasa la tatu wanaiweza.

Mara za kwanza nilikuwa natuma kwa viongozi wa vikundi tu, watu kama themanini. Nabonyeza, simu ya katibu wa chama inalia palepale mezani. Nikawa natembea ofisini kifua mbele.

"Unaona hiyo kasi, mama?" nilimwambia katibu siku moja. Ni mama wa Kimatengo, ana shamba lake huko Mbuji, na hacheki hovyo.

"Naona," akasema. "Watu wa ziwani mkipata jambo dogo mnapiga kelele kama mmevua nyangumi."

Basi, msimu ukiwa umepamba moto, mchana mmoja mashine ya chama ya kumenya kahawa ikafa. Fundi alikuwa Songea, akasema atafika keshokutwa. Sasa kahawa mbivu ukishaichuma lazima imenywe siku hiyohiyo. Ikilala kwenye gunia inachacha, na daraja linashuka. Wakulima wangeanza kuchuma alfajiri. Ilibidi wote wapate habari kabla hawajalala, la sivyo kesho yake wangejipanga getini na magunia, na wa kusimama mbele yao ni katibu.

"Andika," akaniambia. "Mashine imeharibika, kesho msichume."

Nikaandika, nikabonyeza. Baada ya sekunde kadhaa kompyuta ikajaa maandishi mekundu: 429, 429, 429, kutoka juu mpaka chini. Zilizokubaliwa zilikuwa mia na kitu. Zingine zote zimekataliwa.

"Bando limeisha," nikasema, kwa sauti ya daktari.

"Si ulisema elfu ishirini?"

"Mama, makampuni haya ni wezi."

Akatoa simu yake, akaongeza bando kwa hela ya chama. Nikabonyeza tena. Zikaenda mia na kitu, zikagoma. Nikangoja kidogo, nikabonyeza. Mia na kitu, zikagoma. Nikafurahi. Nikamwambia zinakwenda kwa mafungu, kila nikibonyeza tunasogea. Nikawa nabonyeza huku napiga mluzi.

Mluzi ulikatika mwenyekiti alipopiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, nimeelewa kwamba mashine imekufa. Hii ni mara ya tisa. Unataka nije niizike?"

Mwenyekiti ndiye namba moja kwenye orodha. Nikaifungua orodha ya waliopata. Kumbe kila nilipobonyeza, programu ilikuwa inaanza upya kutoka juu. Watu walewale wa kikundi cha kwanza wanapata meseji, na wengine wote hawajapata hata moja. Na jua lilikuwa limeshaanza kuegemea milima.

Katibu hakunigombeza. Alisogeza kiti, akakaa karibu yangu, akasema polepole, "Mwanangu, wapigie wenye mlango wao."

Nikapiga. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya kutulia. Nikamlalamikia kwamba bando lao bovu.

"Bando lako lina meseji nyingi tu, kaka," akasema. "Umebakiza ngapi kwa mwezi ni jambo moja. Unazituma kwa kasi gani ni jambo lingine. Hiyo 429 maana yake umegonga kikomo cha kasi."

"Lakini nimeongeza bando."

"Hata ukiongeza la mwaka mzima, kasi inabaki ileile. Una ruhusa ya kurusha mia moja kwa mkupuo. Hizo zikiisha, unapata mbili kila sekunde. Ukinyamaza kama dakika moja, ile mia inajaa tena."

"Ndiyo maana nilipotuma themanini zilikwenda zote?"

"Ndiyo. Ulikuwa hujaifikia mia."

Nikauliza kama zile zilizokataliwa zimekatwa kwenye bando. Akasema kwao hazikatwi, ila zilizokubaliwa zimekatwa zote, hata alizopata mtu mmoja mara tisa. Halafu akauliza, "Kila jibu la kukataa linakuja na namba ya sekunde za kusubiri. Hukuiona?"

"Niliiona, dada. Nilidhani ni pambo."

Akacheka mpaka nikamsikia anaweka simu chini. Katibu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikamweleza katibu kwa lugha ya kiwandani. Lile bakuli la juu la mashine unaweza kulimiminia ndoo kadhaa kwa pamoja, linameza. Likijaa, unamimina kwa mwendo wa mashine inavyomenya, ukizidisha zinamwagika chini. Na msimu mzima umeruhusiwa kuleta tani ngapi, hayo ni mazungumzo mengine kabisa.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unamwaga chini," akasema.

"Na kuwarudia walewale wa mbele."

Nikairekebisha programu. Aliyekwishapata awekewe alama, asirudiwe. Zitumwe mbili kwa sekunde. Ukikataliwa, soma namba, subiri, endelea ulipoishia. Nikapiga hesabu: kwa mwendo huo ni kama robo saa tu. Robo saa, na mimi nilikuwa nimeshapoteza mchana kwa haraka zangu.

Nikabonyeza. Zikaanza kwenda, mbilimbili, taratibu, hakuna jekundu. Nilitaka kuongeza kasi kidogo, katibu akanipiga kofi la mkononi. Tukakaa tunaangalia namba zinapanda, tunakula usipa, dagaa wa kwetu, wa kukaanga aliotuma mama yangu kutoka ziwani. Simu ya katibu ikaanza kulia: shangazi yake wa Mbuji amepata, jirani amepata, wachumaji wameambiwa wasije. Ya mwisho ilipokwenda nje bado kulikuwa na mwanga.

Asubuhi getini kulikuwa kweupe, hakuna mtu. Nikajisikia vizuri sana. Halafu akatokea mzee mmoja wa kikundi cha kwanza, anasukuma baiskeli na gunia la kahawa mbivu.

"Shikamoo babu. Hukupata meseji?"

"Marahaba. Nimezipata."

Hatukuweza kumrudisha na gunia lake. Katibu alikuwa na mashine ndogo ya mkono nyumbani kwake, tukaipeleka kahawa huko, na mkono nikazungusha mimi, peke yangu, mpaka punje ya mwisho ikamenyeka na mabega yakawaka moto. Mzee alikaa kwenye kigoda anakunywa chai ya katibu. Tulipomaliza nikamuuliza, kwa heshima, sasa babu kama ulizipata, mbona ulichuma.

"Ya kwanza nilikuamini," akasema. "Ilipofika ya tisa nikasema, huyu mtoto wa Lituhi namjua, anatania."