Tundu la Gredi ya Kwanza

Mwanamume niliyemdharau kuliko wote katika miaka ya Hali ya Hatari hakuwa na bunduki. Alikuwa na ubao wa kupimia mayai.

Nilikuwa Mmeru niliyeolewa Embu, upande wa Kianjokoma, na mume wangu alikuwa amechukuliwa kizuizini. Sisi wengine tulisombwa tukatiwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, na hakuna aliyetoka bila pasi. Mama yangu alikuwa Nkubu, mgonjwa, akiniulizia. Nilikuwa na njia moja tu ya kumfikia: kila mwezi, mwanamke yeyote ambaye mayai yake mengi yalikuwa gredi ya kwanza alipewa pasi ya kuyasindikiza kwenye lori hadi Meru mjini. Nkubu ilikuwa njiani.

Mwenyekiti wa kituo cha mayai ndiye aliyeamua gredi ni nini. Ubao wake ulikuwa na matundu mawili. Yai lililokwama kwenye tundu kubwa lilikuwa la kwanza. Lililopita hapo likakwama kwenye dogo, la pili. Lililopita yote mawili, la tatu. Na lile tundu kubwa alilipimaje? Alichukua kikapu cha mkewe, akachagua yai jembamba kuliko yote, akalizungushia penseli, akatoboa kwa ndani kidogo ya mstari. Hivyo ndivyo mkewe alivyozaliwa upya akiwa mfugaji bora wa tarafa nzima. Mwenyekiti akavaa tai siku hiyo. Tai, kwenye kituo cha mayai, huku miguu imejaa matope!

Kuku wangu walitaga mayai marefu, mazito, membamba kiunoni. Yakipitishwa kwa ncha, yaliteleza kwenye tundu kubwa kana kwamba yamepakwa mafuta.

“Hii imepita, mama. Gredi ya pili,” alisema.

“Mwenyekiti, shika kwa mkono. Hii ni nzito kushinda ile ya bibi yako.”

“Mimi sipimi uzito. Mimi napima na ubao. Wewe Mmeru unataka kunifundisha kazi?”

Mwenye lori, Mwislamu wa Meru mjini, mtu mpole, aliweka yai langu na la mke wa mwenyekiti kwenye mizani yake ya sukari. Upande wangu ukashuka. Mwenyekiti aliutazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani, kisha akaandika gredi ya pili. Tundu hupima upana tu, na urefu haulihusu. Mtoto angeliona hilo. Yeye aliliona vizuri sana, ndiyo maana sikumwita mjinga. Mjinga ningemhurumia.

Miezi ikapita namna hiyo. Mkewe akaenda Meru, akarudi na kanga mpya, akaenda tena.

Kisha ugonjwa wa kideri ukaingia bandani kwake ukafagia kuku wote. Akanunua wengine wachanga, ndio kwanza wanaanza kutaga, na mayai yao yalikuwa madogo kama ya kanga wa porini. Yakapita tundu la mumewe moja baada ya jingine, mbele ya foleni nzima. Sitasema uongo, nilifurahi hadi tumbo likaniuma.

Wiki iliyofuata tulikuta amekata kipande cha bati, amekitoboa tundu dogo zaidi, amekigongomea juu ya lile kubwa. Mayai ya mkewe yakakwama. Yangu yakakwama. Ya kila mtu yakakwama, hata ya bibi kizee mmoja ambaye kuku wake alikuwa karibu kufa kwa uzee. Kijiji kizima kikawa gredi ya kwanza kwa asubuhi moja, na hakuna aliyecheka kwa sauti.

Nilikunja nguo zangu. Nilimsagia mama wimbi wa uji.

Siku ya lori tulisimama getini wanawake wote, kila mmoja na kikapu, kila mmoja akidai pasi yake. Afisa mzungu wa tarafa alitutazama, akamwuliza mwenyekiti kama amerukwa na akili, kisha akafuta pasi za mayai kabisa. Tangu siku hiyo lori likaondoka na mayai peke yake. Mwenyekiti alisimama akijikuna shingo chini ya tai, akatuambia lawama ni yetu, tumekuwa wengi mno.

Nilimpa mwenye lori ule unga aufikishe. Aliporudi aliniletea mfuko uleule, haujafunguliwa. Mama alikuwa amezikwa siku mbili kabla hajafika.

Nilikuwa bado nimeshika mfuko huo mwenyekiti aliponiita mezani. Alipitisha mayai yangu kwenye bati lake, yote yakakwama, akanipa mkono wa pongezi.