Barua ya Benita kabla ya safari ya Wamaza

Jumatano asubuhi, pale Kasongo, Benita alikuwa anammiminia baba yake mdogo, Musafiri, chai wakati simu ilipolia. Musafiri alisikiliza, kisha akakaa chini kwenye sakafu ya saruji.

"Yaya Magloire ametuacha," alisema.

Magloire alikuwa kaka yake mkubwa, na ndiye baba mzazi wa Benita. Alilima mpunga Wamaza maisha yake yote, akauza gunia baada ya gunia mpaka binti yake akawa muuguzi. Mungu ampokee.

Benita alilia sana. Halafu akanawa uso, akachukua simu yake. Musafiri akamtazama kwa jicho baya.

"Unaandikia nani saa hii?"

"Watu wa kazi, baba mudogo. Wanataka jibu mbele ya Ijumaa saa sita. Kule Wamaza reseau ya simu ni ya kupandia kilima, na siku ingine inakataa."

Jana yake shirika moja la lishe lilikuwa limempa kazi ya kusimamia vituo vya watoto Salamabila, kwa dola 620 kwa mwezi. Hilo lilikuwa daraja la kwanza. Lakini tangazo lenyewe la kazi lilisema mwenye zaidi ya miaka mitano ya kazi aanzie daraja la tatu, dola 740, na Benita alikuwa na sita. Tangu jana alikuwa anajiuliza: wamekosea, au wamesema huyu ni wa kijijini, hatasoma tangazo?

Akamsomea Musafiri alichoandika. Alishukuru kwa nafasi, akasema anaitaka kazi. Akataja kifungu cha tangazo, akaambatanisha vyeti viwili vya kazi na ripoti ya kituo chake: watoto 412 waliotibiwa utapiamlo mwaka uliopita, 371 wakapona. Kisha akaomba: "Kwa sababu hizo, ninaomba mnipange daraja la tatu, dola 740. Kama haiwezekani, naomba mnieleze hesabu yenu." Mwishoni, peke yake, mstari mmoja: amefiwa na baba, anaomba kuanza siku nne baadaye.

"Kifo uweke juu!" Musafiri akasema. "Watakuonea huruma."

"Hapana. Kifo ni cha tarehe ya kuanza. Mushahara ni wa kazi yangu."

"Watakunyang'anya, we mutoto. Pale iko mutu mwenye mupwa anangojea hiyo kiti, utaona."

Benita akatuma. Wakati anafunga nguo zake, Musafiri alichukua ile barua ya kazi, akanakili namba ya simu iliyo chini, akaenda nyuma ya nyumba. Katika familia yao, jambo lolote lenye bei, iwe mahari au shamba, mwenyewe hajisemei: mkubwa wake ndiye anayeongea. Aliona anamsaidia.

Walipanda pikipiki mbili kwenda Wamaza. Alasiri, mahali madereva husimama kutafuta reseau, ujumbe ukaingia kutoka kwa mama Elsa wa ofisi ya wafanyakazi ya lile shirika: "Mwanaume amepiga simu, akasema yeye ndiye anayezungumza bei yako na kwamba utakubali hata 620. Hatuzungumzi ajira na mtu wa tatu. Je, kuna mtu uliyemwahidi chochote ili upate kazi hii? Jibu leo, la sivyo tunasimamisha."

Benita akamgeukia Musafiri. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Nani mwingine atakusemea, na yaya amekufa?"

"Wanafikiri nimenunua kazi, baba! Wanafikiri wewe unakula juu yangu!"

"Mimi? Nile kwa mutoto ya yaya?"

Benita akarudi kwenye simu. Aliandika amesimama, jua likimpiga: aliyepiga ni mdogo wa baba yangu, kwa desturi ya nyumba yetu; sikumtuma; sijamlipa wala kumwahidi mtu yeyote; mnaweza kuniuliza mbele ya kamati. Ombi langu ni lile la asubuhi, na sababu zake ni zile zile.

Kesho yake asubuhi, pale Wamaza, alipanda kilima kutafuta reseau. Alikuwa na hakika kwamba kiti kimeshapewa mpwa wa mtu. Jibu lilikuwepo. Waliandika kwamba miaka miwili ya kwanza alifanya kazi kwa kujitolea, na kanuni yao haihesabu hiyo. Ilibaki minne, daraja la pili, dola 680. Walikiri kwamba daraja la kwanza lilikuwa kosa lao. Siku nne amepewa. Benita alisoma kanuni waliyoambatanisha mara mbili, akitafuta ujanja. Hakuuona. Akaandika: "Nakubali."

Chini, Musafiri alikuwa anamngoja. "Wamekufukuza?"

"Hapana. Lakini usipige tena."

"Sipigi, mama."

Magloire alizikwa Alhamisi hiyo saa nane mchana, nyuma ya nyumba yake, kando ya kaburi la mke wake Dieudonnée. Katekista alisoma Injili, watu wakaimba. Musafiri na wanaume watatu walishusha jeneza kwa kamba. Benita alitupa udongo mara tatu, akasema, "Kwaheri, papa," akarudi nyuma kuwapisha wengine.