Visima Arobaini na Tatu

Shangazi yangu haogopi nyoka wala wenye vyeo. Ndiyo maana siku ile alipoondoa mikono kwenye kibodi kama aliyeungua, na mimi nilishtuka.

Tulikuwa tunatafsiri ikisiri, yale mafupisho ya makala, za kitabu cha ratiba ya kongamano la kanda. Ikija ya Kiswahili, anaiweka kwa Kiingereza. Ikija ya Kiingereza, anaiweka kwa Kiswahili, kila moja na maneno yake makuu matano. Mimi nahakiki nyuma yake, na nikipitiwa nasemwa mpaka natamani ardhi ipasuke. Programu yake hutunza kila sentensi aliyowahi kuitafsiri. Ikikutana nayo tena, humletea tafsiri ya zamani.

Asubuhi hiyo ilifika ikisiri ya mhadhiri mmoja, kuhusu vijiji vinavyoendelea kuyataja majina ya visima vilivyokauka. Shangazi akafungua sentensi ya kwanza, Kiingereza kikajijaza chenyewe. Ya pili, vilevile. Mpaka maneno makuu yote. Pembeni palikuwa na tarehe ya miaka sita nyuma na jina la mteja: Mbishi.

Mbishi ni jina alilompa shangazi. Alikuwa mwanafunzi wa mhadhiri huyohuyo, binti aliyekuja na daftari lenye matope na kugombania kila neno. Tulimzika mwaka uleule.

"Yuko humu," shangazi akasema taratibu.

Nywele zilinisimama. Sentensi ziliendelea kujipanga, na mimi nilimsikia kabisa binti yule akibisha.

Shangazi akatafuta barua pepe ya mwisho ya Mbishi, aliyomwandikia akiwa amelazwa hospitali. "Mama, nimepitia daftari upya. Visima si arobaini na moja, ni arobaini na tatu. Nirekebishie, tafadhali." Ikisiri ya mhadhiri ilisema arobaini na moja, kama ile ya zamani ambayo haikuwahi kurekebishwa.

Nilitaka tumlipue papo hapo. Shangazi akanikata jicho, akasema mtafsiri hambadilishii mtu idadi, humuuliza. Akamwandikia mhadhiri swali moja tu, nakala kwa mwenyekiti wa kamati: visima ni vingapi? Jibu lilirudi kabla chai haijapoa.

"Arobaini na moja. Nilivihesabu mwenyewe. Wewe tafsiri ulichopewa."

Haya bwana. Shangazi akamtumia mwenyekiti faili la zamani na barua ya Mbishi. Siku nne hakula vizuri, na hakutaka kompyuta ile izimwe. Mimi nilikwepa kubaki nayo peke yangu, sioni haya kusema.

Kamati ilimwondoa mhadhiri, ikampigia simu mama mzazi wa Mbishi kuomba ruhusa ya kuichapisha kwa jina la bintiye. Kitabu kilipotoka, shangazi aliruka kurasa zote mpaka hapo. Jina kamili la binti, neno marehemu, lugha mbili. Akaweka kidole kwenye ile idadi.

"Arobaini na tatu," akamwambia Mbishi. "Umeona? Nimerekebisha." Kisha akazima kompyuta, akalia.